Usimbaji wa binari au wa biti moja kwa kila hali: namna ya kuhesabu flipflopu na mageti kabla ya kuchagua

Anayebuni mashine ya hali hufika mahali ambapo kila hali lazima ipewe msimbo utakaohifadhiwa ndani ya flipflopu, na njia zinazotumika zaidi ni mbili. Katika usimbaji wa binari hali huhesabiwa 000, 001, 010 na kuendelea, hivyo flipflopu huwa chache kadiri inavyowezekana: hali 5 huhitaji flipflopu 3, hali 16 huhitaji 4, na hali 17 huhitaji 5. Katika usimbaji wa biti moja, ambao zana za kubuni saketi huuandika `one_hot`, kila hali hupewa flipflopu yake yenyewe, na wakati wowote ni moja tu kati ya hizo yenye thamani 1.

Kanuni inayorudiwa madarasani husema kwamba njia ya pili huongeza flipflopu lakini hupunguza mageti. Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo haina ubishi. Nusu ya pili hutegemea umbo la mashine yenyewe, na haifai kukubaliwa kabla ya kuhesabu. Mwongozo huu unahesabu kwanza mashine ndogo ambayo kwayo kanuni hiyo haitimii, kisha mashine kubwa zaidi ambayo kwayo inatimia, ili msomaji aone ni nini hasa kinachogeuza matokeo.

Hatua ya 1: Andika jedwali la hali

Mashine yetu hupokea biti moja, x, katika kila mpigo wa kloki, na hutoa z = 1 kila inapokuwa imepokea mfululizo 1011. Mifululizo inaruhusiwa kupandana, yaani biti ya mwisho ya mfululizo mmoja inaweza kuwa ya kwanza ya mfululizo unaofuata. Tokeo linategemea hali peke yake. Hali ni tano: H0 haijapata kitu cha maana, H1 imepata 1, H2 imepata 10, H3 imepata 101, na H4 imekamilisha 1011.

| Hali ya sasa | x = 0 | x = 1 | z |
|---|---|---|---|
| H0 | H0 | H1 | 0 |
| H1 | H2 | H1 | 0 |
| H2 | H0 | H3 | 0 |
| H3 | H2 | H4 | 0 |
| H4 | H2 | H1 | 1 |

Mstari wa mwisho ndio unaokosewa mara nyingi. Kutoka H4 mashine hairudi H0, kwa sababu 1 iliyokamilisha mfululizo bado inahesabika: ikifuatwa na 0 tumeshapata 10, na ikifuatwa na 1 tunayo 1 mpya ya kuanzia. Hakikisha jedwali ni sahihi kabla ya kuendelea, kwa kuwa milinganyo yote inayofuata hutoka humo.

Hatua ya 2: Pata milinganyo ya binari

Tuzipe hali tano misimbo 000, 001, 010, 011 na 100, na biti zake tuziite A, B na C kuanzia kushoto. Misimbo 101, 110 na 111 haitumiki, kwa hiyo katika ramani ya Karnaugh tunaruhusiwa kuijaza 0 au 1, kwa kadiri itakavyorahisisha mlinganyo. Alama ya kinyume ni mkato mdogo, kwa mfano x' ni kinyume cha x. Ukizijaza ramani tatu utapata hivi, DA, DB na DC zikiwa maingizo ya flipflopu A, B na C:

```
DA = x·B·C
DB = x'·(A + C) + x·B·C'
DC = x·(B·C)'
z  = A
```

Angalia jinsi nafasi zile tatu zilizo wazi zilivyosaidia. Bila hizo, DA ingehitaji pia A' ili kuutenga msimbo 011 na 111, na z ingehitaji mageti badala ya kuwa waya mtupu unaotoka kwenye flipflopu A. Huu ni msaada ambao usimbaji wa binari huupata kila idadi ya hali inapokuwa imezidi kidogo tu kipeo cha 2. Mashine yenye hali 8 kamili isingekuwa na nafasi hata moja ya namna hiyo.

Sasa hesabu mageti ya maingizo mawili. Chukua B·C kuwa kitu kimoja kinachotumiwa na DA na DC. Mageti ya AND ni sita: la B·C, la kuizidisha na x kwa ajili ya DA, la x na kinyume cha B·C kwa ajili ya DC, la x' na mabano ya DB, la B·C', na la kulizidisha hilo na x. Mageti ya OR ni mawili, na ya NOT ni mawili, moja la x na moja la B·C. Kinyume cha C hakihesabiwi, kwa kuwa flipflopu kama zile za 74HC175 hutoa Q pamoja na kinyume chake. Geti moja la AND linaweza kuondolewa, kwa sababu x·B·C' ni sawa na B·DC. Lakini ukifanya hivyo ishara italazimika kupita mageti matano mfululizo badala ya matatu kabla ya kufika kwenye DB, na kasi ya juu ya kloki itashuka. Mimi ningeliacha geti hilo mahali pake.

Hatua ya 3: Pata milinganyo ya biti moja

Hapa ramani ya Karnaugh haihitajiki. Kwa kila hali, tazama ni mishale gani inayoingia, na kila mshale uwe hali unakotoka ikizidishwa na sharti lake. H2, kwa mfano, hufikiwa kutoka H1, H3 na H4, yote x ikiwa 0. Milinganyo yote mitano huandikika moja kwa moja kutoka kwenye jedwali, na hata katika Verilog haibadiliki umbo:

```verilog
always @(posedge clk)
  if (rst) q <= 5'b00001;
  else begin
    q[0] <= ~x & (q[0] | q[2]);
    q[1] <=  x & (q[0] | q[1] | q[4]);
    q[2] <= ~x & (q[1] | q[3] | q[4]);
    q[3] <=  x & q[2];
    q[4] <=  x & q[3];
  end
assign z = q[4];
```

Mageti ya AND ni matano, moja kwa kila hali. Mageti ya OR yenye maingizo mawili ni manne, iwapo q[1] | q[4] itajengwa mara moja na kutumiwa katika mistari miwili. Geti la NOT ni moja, la x. Njia ndefu kuliko zote ina mageti matatu, sawasawa na ile ya binari tuliyoichagua.

Hatua ya 4: Linganisha, ukizingatia unachojengea

Binari imehitaji flipflopu 3, mageti 8 ya maingizo mawili na NOT 2. Biti moja imehitaji flipflopu 5, mageti 9 na NOT 1. Kwa mashine hii, basi, kuongeza flipflopu mbili hakukupunguza mageti, na kasi haikuongezeka. Kilichopungua ni kazi ya mbunifu, jambo lenye thamani yake, ila lisichanganywe na gharama ya saketi.

Ukijenga kwa chipu za mfululizo wa 74HC juu ya ubao, binari huchukua chipu 5: 74HC175 moja, 74HC08 mbili za AND, 74HC32 moja ya OR na 74HC04 moja ya NOT. Biti moja huchukua chipu 7, kwa sababu q[0] lazima iweze kuwekwa 1 wakati wa kuanzisha, na 74HC175 huweza kufuta tu. Hivyo hapa tunatumia 74HC74, ambayo ina flipflopu mbili tu kwa chipu lakini ina pini ya kuweka na pini ya kufuta. Chipu tatu za namna hiyo huondoka kwa flipflopu tano.

Ukibuni chipu yako mwenyewe, pima kwa transista. Flipflopu ya D huchukua takriban transista 20 au zaidi, geti la AND au OR la maingizo mawili huchukua 6, na la NOT huchukua 2. Kwa makadirio hayo binari ni 60 kwa flipflopu na 52 kwa mageti, jumla 112. Biti moja ni 100 na 56, jumla 156. Hapo ndipo inapoonekana kwamba flipflopu moja ni ghali kuliko mageti matatu, na kwamba usimbaji wa biti moja lazima uokoe mageti mengi ndipo ujilipe.

Katika FPGA, yaani chipu ambayo saketi yake hupangwa na mtumiaji, hesabu hubadilika, maana mageti hayapo. Kilichopo ni vijedwali vya LUT, ambavyo kila kimoja huweza kutekeleza kazi yoyote ile ya maingizo yake machache, na karibu na kila kijedwali ipo flipflopu ambayo umeshailipia, uitumie usiitumie. Katika familia ya iCE40, seli moja ina LUT ya maingizo 4 na flipflopu moja. Kwa hiyo usihesabu mageti. Hesabu ni maingizo mangapi yanayohitajiwa na kila D. Katika binari, DA, DB na DC hutegemea A, B, C na x tu, maingizo 4 au pungufu, basi kila moja hukaa katika LUT moja: seli 3. Katika biti moja hakuna mlinganyo unaozidi maingizo 4, lakini milinganyo ni mitano: seli 5. Njia zote mbili zina ngazi moja tu ya LUT. Binari imeshinda tena, hata mahali ambapo biti moja husifiwa zaidi.

Hatua ya 5: Rudia hesabu kwa mashine yenye maingizo mengi

Chukua kidhibiti cha vali 16. Katika hali ya i, vali ya i iko wazi, na mashine inasubiri kitambuzi s[i] kiseme kwamba tangi limejaa. Kikisema hivyo, mashine huhamia hali inayofuata, na baada ya hali ya mwisho hurudi mwanzo.

Kwa biti moja, kila hali ina mishale miwili tu inayoingia, mmoja kutoka hali iliyotangulia na mmoja wa kujirudia yenyewe:

```
D[i] = q[i-1]·s[i-1] + q[i]·s[i]'
```

Hayo ni maingizo 4. Kila hali huchukua LUT moja, jumla 16, flipflopu 16, ngazi moja. Tena kila vali huunganishwa moja kwa moja na flipflopu yake bila LUT ya ziada.

Kwa binari flipflopu ni 4, lakini kila biti mpya lazima ijue kama kitambuzi *cha hali ya sasa* kimesema ndiyo. Kumpata kitambuzi huyo kati ya 16 huhitaji kichaguzi cha maingizo 16. Kichaguzi cha maingizo 4 hujengwa kwa LUT mbili zenye maingizo 4 zilizopangwa mfululizo, na vichaguzi vitano vya namna hiyo hutoa cha maingizo 16: LUT 10, ngazi 4. Kihesabu cha biti nne kinachofuata huongeza LUT 5 na ngazi moja. Mpaka hapa LUT ni 15, karibu sawa na 16 za mwenzake, isipokuwa ngazi ni 5 dhidi ya 1. Kisha zinakuja vali: kila moja inahitaji LUT ya kutambua msimbo wake wa biti nne, yaani LUT 16 nyingine. Jumla ni 31 dhidi ya 16.

Tofauti kati ya mashine hizi mbili haitokani na idadi ya hali peke yake. Ile ya kwanza ilikuwa na ingizo moja na tokeo moja, na baadhi ya hali zake zilifikiwa kwa mishale mitatu. Ya pili ina maingizo mengi, kila moja likihusika katika hali moja tu, na matokeo mengi yanayolingana na hali. Usimbaji wa biti moja hulipa pale ambapo kila hali inahitaji kujua mambo machache tu, hata kama mashine nzima inajua mengi. Ukitumia FPGA yenye LUT za maingizo 6, kama za 7 Series ya Xilinx, kichaguzi cha maingizo 4 huingia katika LUT moja na ngazi za binari hushuka kutoka 5 hadi 3, lakini mwelekeo ni ule ule.

Lipo jambo lingine kuhusu vali ambalo hesabu ya LUT hailionyeshi. Binari inapotoka 0111 kwenda 1000, biti zote nne hubadilika, na hazibadiliki kwa wakati ule ule kabisa. Kwa muda mfupi sana LUT ya vali nyingine inaweza kuona msimbo wake na kutoa mshtuko wa 1. Dawa ni kupitisha kila tokeo katika flipflopu ya mwisho, yaani kuongeza flipflopu 16, na hapo umeshajenga flipflopu moja kwa kila hali bila kupata faida nyingine zake.

Hatua ya 6: Fuatilia misimbo isiyo halali

Usimalize bila hatua hii. Flipflopu 3 zina michanganyiko 8, na mitatu kati yake si halali. Flipflopu 5 zina michanganyiko 32, na 27 si halali. Chukua kila msimbo usio halali wa binari, uingize katika milinganyo ya Hatua ya 2, na utazame unakwenda wapi:

```
101 : x=0 -> 010   x=1 -> 001
110 : x=0 -> 010   x=1 -> 011
111 : x=0 -> 010   x=1 -> 100
```

Yote hurudi kwenye hali halali baada ya mpigo mmoja. Hasara ni kwamba wakati huo A ni 1, hivyo z hutoa taarifa ya uongo kwa mpigo huo, na baada ya hapo mashine inaweza kuwa katika hali isiyolingana na biti zilizopita. Ingekuwa tumechagua vingine nafasi zilizo wazi, huenda msimbo mmoja ungejirudia wenyewe milele. Ndiyo maana lazima kuhakiki.

Kwa biti moja tazama 00000. Kila mlinganyo unahitaji q fulani iwe 1, na q zote zikiwa 0, D zote ni 0. Mashine imekufa, wala hakuna thamani ya x inayoweza kuiamsha. Ni kuianzisha upya tu. Dalili yake kwenye ubao ni kwamba kloki inapiga, x inabadilika, na z haipandi kamwe. Chanzo cha kawaida ni flipflopu zilizofutwa zote wakati wa kuwasha umeme, bila q[0] kuwekwa 1. Katika FPGA ambayo flipflopu zake huanza na 0, unaweza kuhifadhi kinyume cha q[0] badala ya q[0] yenyewe, ili 00000 iwe ndiyo H0. LUT haiongezeki, kwa kuwa ukanushaji hujumuishwa ndani yake. Hata hivyo mchanganyiko wenye 1 katika flipflopu hiyo pekee sasa ndio unaokuwa mfu, kwa hiyo njia hii hutibu tatizo la kuwasha umeme tu.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi kukibaini: x inayotoka nje, kwa mfano kutoka kwenye swichi au kifaa chenye kloki nyingine, ikibadilika karibu kabisa na mpigo wa kloki. Tuseme mashine iko H2. Njia ya kwenda q[0] na njia ya kwenda q[3] hazina urefu sawa, hivyo q[0] inaweza kuiona x kuwa 1, na q[3] ikaiona kuwa 0. Hakuna inayojiwasha, na mashine inaingia 00000. Binari ikipatwa na jambo hilo hilo katika 010 huweza kuangukia 010 au 001, ambazo ni hali halali lakini si sahihi. Haifi, bali inakosea kimya kimya na kuendelea. Sidhani kwamba mojawapo ni afadhali kuliko nyingine. Katika njia zote mbili, kila ingizo lisilofuata kloki lipitishwe kwanza katika flipflopu mbili mfululizo, na flipflopu hizo zihesabiwe katika gharama.

Biti mbili kuwa 1 kwa pamoja ni suala lingine. Katika mashine ya 1011 halidumu, kwa sababu hali hutegemea biti nne za mwisho tu, na alama mbili zinazotembea hukutana na kuwa moja ndani ya mipigo minne. Katika kidhibiti cha vali hakuna kinachozikutanisha: kila alama husubiri kitambuzi chake, na vali mbili hubaki wazi kwa pamoja. Weka ukaguzi katika uigaji, ambao hutoa taarifa ya kosa mara tu sharti linapovunjika, baada ya mashine kuanzishwa:

```systemverilog
assert property (@(posedge clk) disable iff (rst)
                 $onehot(q));
```

Hatua ya 7: Hakikisha zana imejenga ulichoandika

Ukiandika mashine kwa `case` yenye majina ya hali, zana ya usanisi inaweza kubadilisha misimbo yako bila kukuuliza. Katika Vivado uamuzi huo hudhibitiwa na sifa inayowekwa juu ya rejista ya hali:

```verilog
(* fsm_encoding = "sequential" *) reg [2:0] state;
```

Thamani `"sequential"` ni binari ya kawaida na `"one_hot"` ni biti moja. Baada ya usanisi, soma kumbukumbu na utafute jedwali lenye safu za `New Encoding` na `Previous Encoding`, kisha fungua `report_utilization` na ulinganishe idadi ya flipflopu na ile uliyoipata kwa kalamu. Kwa mashine ya 1011, flipflopu 3 maana yake ni binari, na 5 maana yake ni biti moja, mradi moduli haina rejista nyingine. Ukikuta 5 ilhali uliandika misimbo ya biti tatu, zana ndiyo iliyochagua, na ukaguzi wa Hatua ya 6 ufanywe upya kwa misimbo hiyo mipya, kwa kuwa ile uliyoifuatilia haimo tena ndani ya saketi.